Dawa Hakuna, Eh?

Kwenye chumba cha uzazi wa mpango pale Kilosa tulikuwa na namna yetu ya kuuliza. Fomu ina maswali mengi, foleni ni ndefu, na mama aliyekaa mbele yako amemwacha mtoto kwa jirani. Kwa hiyo maswali yote unayasema kwa pumzi moja: presha hakuna, kisukari hakuna, kifafa hakuna, dawa hakuna, eh? Mama anatikisa kichwa. Wewe unaweka kistari mbele ya kila swali na kugeukia trei ya vifaa. Niliuliza hivyo kwa miaka mingi, na mtu angeniambia kwamba hilo si swali ningemwona anatafuta ugomvi.

Aliyenizoesha kuuliza hivyo ni nesi mwenzangu, mkubwa kwangu kwa miaka minane hivi. Nilimwita dada. Kazi yake hasa ilikuwa vijiti, vile vipande viwili laini vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu na kuzuia mimba kwa miaka mitano. Akina mama walikuja kutoka hata Kimamba kumfuata. Walikuwa wanachungulia mlangoni na kuuliza, "Yule wa mkono mwepesi yupo?" Wakiambiwa hayupo, wanarudi kesho. Mimi sikuchukia. Mimi nilikuwa mtu wa sindano na wa kuandika, na mkono wangu haukuwahi kusifiwa na mtu.

Jambo ambalo dada hakulijua, na hakuna aliyelijua pale kazini, ni kwamba mimi na mume wangu tulikuwa tunakunywa dawa za kufubaza virusi vya ukimwi. Mume wangu anaendesha lori la miwa kule Kidodi, na sote wawili tulikuwa tunachukulia dawa Mikumi. Kilosa nako kuna kliniki ya dawa hizo, tena ilikuwa hatua chache kutoka mlango wa chumba changu cha kazi. Ndiyo sababu sikwenda. Kila baada ya miezi michache nilipanda gari la Mikumi, nikakaa kwenye benchi katikati ya watu nisiowajua, nikarudi na chupa zangu chini ya vitenge. Pamba nilikuwa natoa kazini. Ukishindilia pamba ndani ya chupa, vidonge havipigi kelele kwenye mkoba. Hilo hatukufundishwa chuoni.

Nilikuwa na watoto wawili, wa kiume wote, na wote walitoka kwa upasuaji. Baada ya yule wa pili daktari aliniambia kwamba kizazi changu kimechoka, mshono umekaa vibaya, mimba nyingine inaweza kuniua. Aliongea taratibu akinitazama usoni, maana mimi ni nesi na alijua nimeelewa. Niliporudi kazini nilimwambia dada aniwekee vijiti.

Alinikalisha kwenye kile kiti ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakalisha watu. Alifungua fomu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuruka fomu hata kwa ndugu yake. Akasoma huku akitabasamu kidogo, kama tunafanya mchezo.

"Presha hakuna, kisukari hakuna, kifafa hakuna. Dawa hakuna, eh?"

"Hakuna," nikasema.

Akaweka kistari. Nilikiona kikichorwa. Ganzi iliingia, akachana kidogo, vijiti vikapita, na kweli sikusikia kitu.

Kule Mikumi nako waliniuliza. Yule tabibu aliyekuwa anatuhudumia, kijana mpole mwenye mwandiko mbaya, aliuliza kila mara tunatumia njia gani ya kupanga uzazi. Nilimjibu kondomu. Ningesema vijiti angetaka kujua nimewekewa wapi, na ningesema Kilosa, na nilishaona jinsi habari zinavyosafiri kwa karatasi za rufaa. Kwa hiyo chumba cha Kilosa kilijua vijiti bila kujua dawa, na chumba cha Mikumi kilijua dawa bila kujua vijiti. Aliyejua vyote viwili ni mimi peke yangu, na mimi sikujua vinagombana.

Sikujua, na sijitetei. Nilijua kwamba dawa za kifua kikuu zinaharibu kazi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Hilo lilikuwa kwenye mafunzo. Lakini dawa yangu mwenyewe sikuisomea. Ilikuwa kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, mojawapo efavirenz, ile inayoleta ndoto za ajabu na kizunguzungu ukiamka kwenda msalani. Dawa mpya, dolutegravir, ilikuwa imeanza kuja, lakini wanawake wa umri wa kuzaa tuliambiwa tusubiri kwanza. Nikasubiri. Nilikunywa kidonge changu saa mbili usiku, mkono wangu una vijiti, na nililala bila hofu yoyote.

Mwaka na miezi kadhaa ikapita. Damu ya mwezi ilikuwa imekatika, na sikushangaa, kwa sababu vijiti hufanya hivyo kwa wanawake wengi. Nilikuwa nawaambia wateja kila siku wasiogope. Nilinenepa kidogo. Siku moja nimeinama kuokota kifuniko cha kalamu, kitu kikageuka tumboni. Nilibaki nimeinama. Mama aliyekuwa mbele yangu akaniuliza, "Nesi, mgongo?" Nikamwambia ndiyo, mgongo.

Kipimo nilijipima mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Kwa jinsi ilivyocheza, nilijua mimba imeshapita miezi minne. Ningependa kusema nililia, ingekuwa habari nzuri zaidi. Nilikunja kile kipimo ndani ya glovu, nikatupa, nikanawa mikono, nikala wali wangu. Ulikuwa wali wa maharage. Nakumbuka ulikuwa umepoa.

Gari la kwanza la Mikumi nililoweza kupanda nililipanda. Tabibu alipopima na kuandika, akauliza kwa upole kama kondomu zilikuwa zinapasuka. Hapo ndipo nilipopandisha mkono wa blauzi, nikamwonyesha. Alivipapasa vijiti kwa kidole, kimoja, cha pili. Akaweka kalamu chini.

"Vimekaa vizuri kabisa," akasema. "Aliyeviweka anajua kazi. Tatizo ni hiki." Akagonga kidole kwenye jina la dawa yangu. "Efavirenz inalichochea ini lifanye kazi kupita kawaida. Homoni inatoka kwenye kijiti kama inavyotakiwa, lakini ini linaivunja haraka mno. Ile inayobaki kwenye damu haitoshi kuzuia mimba. Miezi ya mwanzo mara nyingi inatosha, baadaye inapungua. Na vidonge vya uzazi wa mpango ni hivyo hivyo."

"Na sindano?" nikauliza, kwa sauti ya mtu wa kazini.

"Sindano ya miezi mitatu haina shida, dozi yake ni kubwa. Kitanzi cha madini ya shaba hakina homoni kabisa, hakiguswi. Ungeniambia una vijiti ningekwambia ubadili njia, au uongeze kondomu kila mara wakati tunatazama kama unaweza kubadilishiwa dawa. Kuacha dawa nisingekwambia hata siku moja." Akachukua tena kalamu. "Huyo aliyekuwekea alijua unatumia nini?"

Nilishusha mkono wa blauzi. Nikamwuliza gari la kurudi Kilosa linaondoka saa ngapi, wakati saa yenyewe nilikuwa naijua vizuri.

Tumbo la nesi wa uzazi wa mpango halifichiki. Pale kazini walicheka kidogo, kisha wakakumbuka vijiti. Kwa bahati mbaya, mwezi huohuo mama mmoja wa Kimamba naye alikuja na mimba, vijiti vyake viwili mkononi, vimewekwa na mkono uleule mwepesi. Msimamizi wetu akaitisha kikao. Tulikuwa watu watano na chupa za maji. Msimamizi alisema njia yoyote inaweza kushindwa, lakini mara mbili kwa mwekaji mmoja inabidi tujiulize. Akauliza dada alikuwa anahifadhije vijiti, anaviingiza kwa pembe gani, anahakikishaje kwamba mteja hana mimba tayari. Dada aliyajibu yote, moja baada ya jingine. Fomu yangu ikaletwa mezani. Msimamizi alipitisha kidole kwenye vistari vyote, akasema, "Na dawa hakuna."

"Nilimuuliza," dada akasema.

Wote wakanitazama. Sentensi niliyotakiwa kuisema ilikuwa fupi. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikatazama maji yangu, nikasema, "Aliniuliza." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Baada ya wiki chache dada alipata barua ya uhamisho kwenda zahanati moja ya Lumuma, milimani huko, kwa mahitaji ya kazi. Kila mtu alijua mahitaji gani. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga, akaweka kiganja kwenye tumbo langu na kusema, "Nisamehe, mdogo wangu. Sijui nilikosea wapi." Nikamwambia hana kosa. Alidhani nampoza.

Mtoto alitolewa Morogoro kabla ya wakati, kwa upasuaji, baada ya mshono wa zamani kuanza kuachia. Alikuwa wa kike. Aliishi kwa saa tatu tu. Kizazi kilitolewa pamoja na hayo yote, kwa sababu damu haikukubali kusimama. Mume wangu alikuja na nguo zake za kazi, akakaa pembeni ya kitanda akinuka miwa. Hakuna kitu tulichozungumza ambacho nakikumbuka. Watu husema mtu akifiwa anaumia. Mimi sikuumia, niliganda, na niliendelea kuganda hata nilipoanza tena kutembea na kupika na kusuka nywele. Aibu tu ndiyo niliyoisikia, na haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya dada.

Nilirudi kazini. Nikabadilishiwa dawa nikapewa ile mpya, na ndoto zikaisha. Mafunzo yalikuja, karatasi zikabandikwa ukutani: efavirenz na vijiti, angalia, dolutegravir na vijiti, hakuna shida, dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini na vijiti au vidonge, chagua njia nyingine, dawa za virusi za mstari wa pili, za walioshindwa na zile za kwanza, zenye ritonavir, usitoe vidonge vya uzazi wa mpango kabla ya kumuuliza daktari. Nilizibandika mwenyewe, nikanyoosha pembe. Vijiti vikawa kazi yangu, kwa kuwa mwenye mkono mwepesi hayupo. Na mdomo wangu ukaendelea vilevile: presha hakuna, kisukari hakuna, kifafa hakuna, dawa hakuna, eh?

Miaka ikapita hivyo. Kisha akaja yule binti.

Alikuwa wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, bado mdogo, mwembamba, ana mtoto mgongoni. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ukae."

Alitaka vijiti. Mumewe alikuwa amekubali, alisema, na mama mkwe hakuulizwa. Nikacheka kidogo, naye akacheka. Nikavuta fomu, nikapiga maswali yangu kwa pumzi moja.

"Hakuna," akasema.

Alilisema bila kutikisa kichwa. Wenye "hakuna" ya kweli hutikisa kichwa, hawajali. Yeye alinitazama machoni na kulitamka lote, wazi, na mimi niliijua sauti ile kwa sababu ilikuwa yangu. Kalamu yangu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Akamshusha mtoto ili amnyonyeshe, mkoba ukaanguka, chupa mbili zikatoka zikabingirika hadi kwenye mguu wa meza. Hazikutoa mlio wowote ndani. Kifuniko cha moja kilikuwa hakijafungwa vizuri, na pamba ilikuwa imechungulia.

Hakuinama kuziokota. Aliganda tu. Niliziokota mimi. Moja ilikuwa kama yangu. Nyingine ndogo ilikuwa dolutegravir peke yake, ile ya kuongeza jioni, na mtu haongezewi hiyo bila sababu. Wengi wanaoongezewa wanakunywa rifampisini ya kifua kikuu, ile inayobadili hata rangi ya mkojo, kwa sababu rifampisini nayo inalichochea ini, na kidonge kimoja kwa siku hakitoshi tena.

"Mkojo wako una rangi gani siku hizi?" nikamuuliza.

"Kama fanta," akasema akitazama sakafu. Kisha akaongeza haraka, "Siyo dawa hizo, nesi. Ni vidonge vya Mikumi tu. Dawa natumia nikiumwa."

Labda alikuwa anadanganya, labda alikuwa anaamini. Nilipindisha shingo kutazama mlango kama umefungwa. Kisha nikavuta mkoba wangu chini ya meza, nikatoa chupa yangu, nikaiweka pembeni ya zake. Nikaitikisa. Nayo haikulia.

"Mimi pia ni wa Mikumi," nikamwambia. "Hii pamba natoa humu ndani, kwenye kabati hilo."

Aliiangalia chupa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. Mabega yake yalishuka.

Nikamwambia yote kwa utaratibu, na nilimfanya anirudishie kila kipande. Kwamba kidonge cha virusi anachotumia sasa hakina ugomvi na vijiti. Mgomvi ni dawa ya kifua. Nikimwekea vijiti leo vitakaa mkononi kama pambo. Dawa ya kifua asiiache hata akijisikia amepona, na kidonge cha jioni asikiruke. Kwa sasa tutumie sindano ya miezi mitatu, na kondomu juu yake kwa sababu nyingine anazozijua. Akimaliza matibabu ya kifua, tumpe kama mwezi mmoja ini lipoe, ndipo aje aniambie kama bado anataka vijiti.

"Na kule Mikumi niwaambie sindano?" akauliza.

"Waambie. Na huku niambie mimi vidonge. Vyumba vyote viwili vijue."

Nilimchoma sindano. Alipotoka nikatazama ile fomu. Mbele ya swali la dawa kulikuwa na kinukta cha wino, pale kalamu ilipogusa. Nilikaa nikikitazama mpaka mama aliyefuata akakohoa mlangoni. Nilifikiria mama wa Kimamba, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza vizuri, hata mimi. Kwa mara ya kwanza tangu Morogoro nilisikia kitu kikiniuma, chini ya mbavu, na nilikasirika kwamba kimechelewa hivyo.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Lumuma. Ni mbali, na barabara inakuvunja kiuno. Zahanati ilikuwa na vyumba vichache na bati jekundu, mbele yake mtu ameanika vitunguu. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi nje akikunja gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda. Alikuwa na mvi. Alisimama, akanikumbatia, akauliza watoto, akauliza shemeji, akaniletea uji kabla sijapumua.

Nilimwambia nikiwa nimeshika kikombe. Sikuipamba. Nilimwambia nilikuwa nakunywa dawa kabla hajaniwekea vijiti, nilikuwa nachukulia Mikumi, nilijua sababu siku tatu baada ya kujipima, na kwenye kikao nilikaa kimya huku nikijua. Aliendelea kukunja gozi. Alikunja moja, ya pili, ya tatu, pembe kwa pembe.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Uliniuliza."

"Nilisema, dawa hakuna, eh." Alitikisa kichwa polepole. "Hilo ni swali gani."

Nikamwambia nitaandika barua kwa msimamizi, niiseme yote, na jina langu chini. Dada akasogeza sanduku la gozi. Ndani ya chumba nyuma yake niliona kabati la vifaa, na juu yake boksi la vijiti limefungwa kwa plasta yake ya kiwandani, limepata vumbi. Aliona ninapotazama.

"Sijamwekea mtu tangu nije," akasema. "Wakivitaka nawaambia waende Kilosa. Nauli unaijua. Hawaendi. Mwaka jana alikuja mmoja, ana watoto sita, akaniomba kweli. Nikamrudisha." Akaokota gozi nyingine. "Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Alirudi?"

"Alirudi. Na mimba." Aliweka gozi kwenye sanduku, akafunga kifuniko. "Hakutoka salama kwenye uzazi huo."

Uji ulikuwa umepoa mkononi mwangu. Dada alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya magoti, kiganja chini, vidole vimeachana, akautazama kama kitu alichoazimwa na mtu. Haukuwa unatetemeka.

"Kumbe mkono ulikuwa mzima," akasema.